Bei Inapopanda Katikati ya Mkataba: Kukubali au Kusitisha Huduma

Taarifa ya kupanda kwa bei mara nyingi humfikia mtumiaji kama ujumbe mfupi wa simu, katikati ya jumbe za matangazo ambazo watu wengi hawazisomi. Huwa na mistari miwili au mitatu: kuanzia tarehe fulani, ada ya huduma yako itakuwa kiasi fulani, ukiendelea kutumia huduma baada ya tarehe hiyo, utahesabiwa kuwa umekubali. Msomaji hukasirika, huwaeleza wenzake, kisha huendelea na shughuli zake. Tarehe hupita na malipo ya kwanza ya bei mpya hufanyika. Anapokuja kulalamika kwetu baadaye, huwa tayari amekwisha kukubali mbele ya sheria bila kujua.

Katika sura hii tunaeleza namna ya kuutumia muda ulio kati ya siku taarifa inapotolewa na siku bei mpya inapoanza. Tumechagua huduma ya intaneti ya nyumbani inayolipiwa kila mwezi kwa mkataba wa mwaka mmoja, kwa kuwa ndani yake yamo mambo yote yanayowasumbua watumiaji: muda maalumu wa mkataba, kifaa cha kuazimwa, na gharama za kuondoka mapema. Anayelipia king'amuzi, ukumbi wa mazoezi au ulinzi wa nyumba kwa mkataba wa namna hiyo anaweza kufuata njia ileile.

Kwanza, jua uko katika aina gani ya makubaliano

Ikiwa unalipia huduma kabla ya kuitumia, mwezi kwa mwezi, wala hukusaini muda wowote wa kubaki, jambo lako ni jepesi. Kifurushi ulichokwisha kununua kitaendelea hadi kiishe kwa bei uliyolipa, na bei mpya itakuhusu utakaponunua kingine. Usiponunua, makubaliano yamekwisha, wala hudaiwi kitu.

Mambo hubadilika ulipokuwa umesaini mkataba wa muda maalumu, tuseme miezi 12. Hapo kuacha kulipa hakusitishi huduma; huzaa deni. Watumiaji wengi huteleza hapa. Mtu huona bei imepanda, huacha kulipa akidhani amejitoa, na baada ya miezi mitatu hupokea madai ya miezi yote mitatu pamoja na ya kifaa ambacho hakukirudisha. Kabla hujaacha kulipa, tafuta mkataba wako. Ikiwa huna nakala, iombe kwa maandishi siku hiyohiyo.

Ukiupata, tafuta kifungu kinachozungumzia mabadiliko ya bei. Kwa kawaida utakuta moja kati ya hali tatu. Huenda mkataba ukawa kimya kabisa juu ya kubadilisha bei. Kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mkataba hubadilishwa kwa makubaliano ya pande zote mbili, kwa hiyo unaweza kudai bei ya zamani hadi muda utakapokwisha. Hali ya pili, ambayo ndiyo njema zaidi kati ya zile zinazoruhusu kupandisha, ni ile ambayo mtoa huduma anaruhusiwa kubadilisha bei kwa taarifa, naye mteja asiyeridhika anaruhusiwa kuondoka bila adhabu kabla bei hiyo haijaanza. Hali ya tatu ni pale mtoa huduma anapojipa ruhusa ya kupandisha bei wakati wowote huku mteja akifungwa hadi mwisho wa mwaka. Kifungu cha namna hii tungependa kukiona, na tunakuomba utuletee.

Angalia pia sababu iliyotajwa. Mikataba mingi husema kwamba ongezeko linalotokana na kodi halimpi mteja haki ya kuondoka. Ikiwa taarifa inataja kodi, linganisha ongezeko na kodi yenyewe. Kodi ikiongezwa kwa sehemu ndogo na ada ikapanda kwa robo, basi sehemu kubwa ya ongezeko ni uamuzi wa kampuni, na unaweza kuhoji hivyo kwa maandishi.

Mfano: mama wa Kihonda

Mfano ufuatao tumeutunga wenyewe kutokana na aina ya mambo tunayoulizwa. Haumhusu mtu wala kampuni yoyote.

Mama mmoja wa Kihonda, Morogoro, alisaini mkataba wa intaneti ya nyumbani wa miezi 12 kuanzia tarehe 1 Machi hadi tarehe 28 Februari. Ada ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwezi, kwa kasi ya megabiti 20 kwa sekunde. Alipewa ruta yenye thamani ya shilingi 120,000 bila malipo, kwa sharti kwamba akiondoka mapema kwa hiari yake atalipia sehemu ya thamani hiyo kulingana na miezi iliyobaki.

Tarehe 20 Agosti kampuni ilimtumia ujumbe kwamba kuanzia tarehe 1 Oktoba ada itakuwa shilingi 85,000. Hakuusoma hadi tarehe 5 Septemba, alipokuwa akifuta jumbe za zamani ili kupata nafasi kwenye simu. Tarehe 7 alikwenda ofisini kwa kampuni na kumwambia mhudumu wa kaunta, “Mwanangu, nataka kusitisha.” Kijana yule alipiga hesabu mbele yake kwa adabu zote. Ada ya miezi miwili kwa kuvunja mkataba ni shilingi 140,000, na sehemu ya ruta kwa miezi mitano iliyobaki ni shilingi 50,000, jumla 190,000. Mama alirudi nyumbani akiwa ameamua kuvumilia. Kubaki kungemgharimu ongezeko la shilingi 15,000 kwa miezi mitano, yaani 75,000, na 75,000 ni chini ya 190,000.

Hesabu ya kijana ilikuwa sahihi, lakini ilitokana na kifungu kisichohusika. Mama alisema “nataka kusitisha” bila kutaja sababu, na mhudumu akafungua kifungu cha 11 kinachomhusu mteja anayeondoka kwa hiari yake. Katika mkataba huohuo, kifungu cha 7 kilisema kwamba kampuni inaweza kubadilisha ada kwa taarifa ya siku zisizopungua 30, na kwamba mteja asiyekubali mabadiliko hayo anaweza kusitisha mkataba bila malipo ya ziada, kwa sharti la kutoa taarifa ya maandishi siku 14 kabla ya ada mpya kuanza na kurudisha kifaa. Sentensi moja ndiyo iliyotenganisha shilingi 190,000 na sifuri.

Kwa sababu hiyo tunasisitiza maneno ya barua yako. Usiandike tu kwamba unaomba kusitisha huduma. Andika kwamba hukubali mabadiliko ya bei, utaje tarehe ya taarifa yao, na utaje kifungu unachokitegemea. Anayeomba kuondoka ni mteja anayevunja mkataba. Anayekataa bei mpya ni mteja anayetumia haki aliyopewa na mkataba uleule.

Tarehe nazo zilikuwa muhimu. Siku 14 kabla ya tarehe 1 Oktoba ni tarehe 17 Septemba. Mama alipousoma ujumbe alikuwa amebakiwa na siku 12, na tangu siku aliyorudi kutoka ofisini alikuwa na siku 10. Angengoja kuona ankara ya Oktoba ndipo achukue hatua, kifungu cha 7 kingekuwa kimemponyoka. Na angelipa ankara hiyo, ingekuwa vigumu kudai kwamba hakukubali, kwa kuwa sheria hutambua kukubali kwa vitendo sawa na kukubali kwa maneno.

Je, kuondoka kunafaa?

Haki ya kuondoka bila adhabu haimaanishi kwamba ni lazima uondoke. Mama yule alikaa na binti yake wakalinganisha. Kampuni nyingine katika mtaa wao ilikuwa na tangazo la shilingi 65,000 kwa mwezi, na mwanzoni lilionekana kuwa jibu. Tulipolisoma pamoja nao tuliona kwamba bei hiyo ni ya miezi mitatu ya kwanza, kisha hupanda hadi shilingi 80,000, na kwamba kufungiwa huduma kunagharimu shilingi 60,000.

Kwa miezi mitano hadi Februari, kubaki kwa bei mpya ni shilingi 85,000 mara tano, yaani 425,000. Kuhama ni miezi mitatu ya 65,000, miezi miwili ya 80,000 na ufungaji wa 60,000, jumla 415,000. Tofauti ni shilingi 10,000. Kwa mwaka mzima, kubaki ni shilingi 1,020,000 na kuhama ni 975,000, tofauti ya 45,000. Ni fedha, lakini si nyingi kiasi cha kumfanya mtu ahame bila kujua kama mtandao mpya unashika vizuri nyumbani kwake. Tungemshauri amuulize jirani anayeutumia, hasa jinsi unavyokuwa saa mbili hadi saa nne usiku, wakati watu wengi wapo hewani. Kifurushi cha bei nafuu kinachokatika jioni hakina nafuu kwa mwanafunzi anayesoma jioni.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kulinganisha bei ya mwezi mmoja na bei ya mwezi mmoja. Linganisha jumla ya fedha zitakazotoka mfukoni kwa kipindi kilekile, ukihesabu ufungaji, kifaa, na bei itakayofuata baada ya ofa kwisha. Uliza pia kama bei iliyotangazwa inajumuisha kodi ya ongezeko la thamani, kwa kuwa baadhi ya matangazo huiweka kando kwa maandishi madogo.

Kulikuwa na njia nyingine: kushuka hadi kifurushi kidogo. Kampuni yake ilikuwa na cha megabiti 10 kwa sekunde kwa shilingi 60,000. Picha za video za ubora wa juu huhitaji takriban megabiti 5 kwa sekunde kwa runinga moja, kwa hiyo nyumba yenye runinga moja na simu mbili inaweza kutosheka na 10. Nyumba ya mama yule ilikuwa hivyo, ila mwanawe mkubwa hufanya kazi kutoka nyumbani likizoni. Kwa miezi mitano angelipa 300,000. Hii ingekuwa nafuu kubwa kuliko zote, lakini ina mtego mmoja. Baadhi ya watoa huduma huhesabu kubadilisha kifurushi kuwa mkataba mpya, na miezi 12 huanza upya siku hiyo. Kabla ya kushuka, uliza, “Tarehe ya mwisho ya mkataba wangu itabaki ileile?” na upate jibu kwa maandishi.

Barua aliyoiandika

Baada ya kupima, mama aliona kwamba alichokitaka hasa ni kubaki kwa bei aliyoisaini. Aliandika barua yenye ombi na msimamo kwa pamoja. Tunaiweka hapa ili uweze kuifuata:

“Mimi ni mteja wenu mwenye akaunti namba iliyotajwa hapo juu. Nimepokea ujumbe wenu wa tarehe 20 Agosti unaosema kuwa ada yangu itapanda kutoka shilingi 70,000 hadi shilingi 85,000 kuanzia tarehe 1 Oktoba. Sikubali mabadiliko hayo. Naomba niendelee kutozwa shilingi 70,000 hadi mwisho wa mkataba wangu, tarehe 28 Februari. Ikiwa hamtanithibitishia hivyo kwa maandishi ifikapo tarehe 25 Septemba, barua hii ichukuliwe kuwa taarifa ya kusitisha mkataba kwa mujibu wa kifungu cha 7, kuanzia tarehe 30 Septemba, bila malipo ya ziada. Nitarudisha ruta katika ofisi yenu ya Morogoro siku hiyo.”

Aliituma kwa barua pepe tarehe 10 Septemba, akapeleka na nakala ofisini, akagongewa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ni muhimu kuliko maneno mazuri. Ukipiga simu peke yake, hutakuwa na cha kuonyesha; ukilazimika kupiga, andika jina la aliyekuhudumia, saa, na namba ya kumbukumbu ya lalamiko, kisha utume ujumbe wa kuthibitisha mliyozungumza.

Usiandike barua ya namna hii kama huko tayari kuondoka kweli. Kampuni ikikaa kimya, huduma itakatwa tarehe 30, na nyumba isiyo na mbadala itabaki gizani. Hakikisha kwanza kwamba kuna mtoa huduma mwingine anayefika mtaani kwako, na jua atachukua siku ngapi kukufungia.

Katika mfano wetu, kampuni ilijibu tarehe 15 Septemba kwamba atabaki kwa shilingi 70,000 hadi Februari. Watoa huduma hufanya hivyo mara kwa mara, kwa kuwa kumpata mteja mpya kuna gharama zake, ingawa hawalazimiki. Mama alisoma jibu hadi mwisho, na ilikuwa vema. Kifungu cha 12 kilisema mkataba utajihuisha kwa miezi 12 mingine, kwa bei ya wakati huo, mteja asipotoa taarifa siku 30 kabla ya mwisho wake. Siku 30 kabla ya tarehe 28 Februari ni tarehe 29 Januari. Aliandika “intaneti” kwenye kalenda ya ukutani, tarehe 15 Januari, ili apate wiki mbili za kufikiri.

Ukiamua kuondoka

Rudisha kifaa mwenyewe na upewe risiti yenye namba ya utambulisho iliyobandikwa chini ya kifaa hicho. Kipige picha pamoja na waya zake kabla ya kukikabidhi. Malalamiko mengi ya baada ya kusitisha yanahusu kifaa ambacho mteja anasema alirudisha na kampuni inasema haikukiona.

Ikiwa malipo yalikuwa yakikatwa yenyewe kutoka benki au kwenye simu, ondoa ruhusa hiyo baada ya ankara ya mwisho kulipwa, si kabla. Ukiiondoa mapema, ankara halali itashindikana kulipwa na utaonekana mdaiwa. Ukisahau kuiondoa kabisa, unaweza kuendelea kukatwa kwa huduma uliyokwisha kuiacha.

Ukidaiwa fidia ya kuvunja mkataba, usidhani kwamba kiasi kilichoandikwa hakiwezi kuhojiwa. Sheria ya Mikataba inampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya kadiri, isiyozidi kiasi kilichotajwa. Kiasi hicho ni kikomo. Unaweza kuiomba kampuni ieleze hasara iliyoipata. Kwa ruta, kwa mfano, si haki kudaiwa thamani yote ya kifaa kilichotumika miezi saba na kikarudishwa kikiwa kizima.

Tahadhari nyingine ni fupi. Nyakati za kupanda kwa bei, matapeli nao hutuma jumbe zao: “Bonyeza hapa ubaki na bei ya zamani,” au “Tuma namba yako ya siri tuthibitishe.” Bei ya zamani haibakizwi kwa namba ya siri. Piga namba iliyo kwenye mkataba wako, si ile iliyo kwenye ujumbe.

Kutuletea lalamiko

Ni vema kueleza mipaka yetu. Hatupangi bei ya kila kifurushi, na lalamiko linalosema tu kwamba bei mpya ni kubwa hatutaweza kukusaidia nalo sana. Tunachoweza kukichunguza ni kama taarifa ilitolewa kwa muda uliotakiwa, kama ilieleweka, kama masharti ya mkataba yalifuatwa, na kama ulizuiwa kuondoka pale ambapo mkataba ulikuruhusu.

Anza kwa mtoa huduma, kwa maandishi. Asipojibu, au akijibu usiridhike, tuletee mkataba, picha ya ujumbe wa kupandisha bei ikionyesha tarehe yake, barua yako yenye muhuri au barua pepe uliyotuma, jibu lao kama lipo, na ankara mbili: ya mwisho ya bei ya zamani na ya kwanza ya bei mpya. Ikiwa ulilazimika kulipa bei mpya ili usikatiwe huduma wakati ukisubiri jibu, waandikie siku hiyohiyo kwamba unalipa bila kukubali mabadiliko, na uambatishe nakala ya maandishi hayo pia.